Barua ya kuomba kazi katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili: soma tangazo kwanza

*"Mwalimu, niko kidato cha nne. Tukipewa tangazo la kazi na kuambiwa tuandike barua ya kuomba nafasi hiyo, muundo naujua vizuri, lakini kila mara napata alama 9 au 10 kati ya 20. Tena najikuta nimemaliza ya kusema kabla sijajaza ukurasa, kwa sababu mimi sijawahi kuajiriwa popote. Maneno 400 nitayatoa wapi? Na muda niugawe vipi ili insha ya pili isiumie?"*

Alama zako zinanionyesha shida iko wapi hata kabla sijaiona barua yenyewe. Katika insha ya KCSE mtahini huiweka kazi yako katika kiwango kimoja kati ya vinne: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Anayepata 9 au 10 mara kwa mara amesimama kwenye ukingo wa juu wa C. Ujumbe wake umefika ila haukukuzwa. Kuna uwezekano mwingine pia, nao unalingana na hilo la kutojaza ukurasa. Insha fupi haisahihishwi juu ya alama 20. Barua ya maneno 200 huhesabiwa kuwa nusu ya insha, ikasahihishwa juu ya alama 10. Ukiandika barua nzuri sana ya maneno 200, basi 9 ni alama ya sifa, ila imekatwa miguu.

Kwa hiyo muundo, ambao wanafunzi wengi huukariri usiku kucha, si mahali unapopotezea alama. Muundo ni kazi ya dakika nne. Alama zako zimelala ndani ya tangazo, kwa sababu tangazo ndilo linalokuambia aya zako zitakuwa ngapi na kila aya itathibitisha nini.

Tuchukue tangazo la mazoezi, nimelitunga mwenyewe. Tuseme lilichapishwa gazetini tarehe 5 Agosti 2024:

TANGAZO LA KAZI. Msaidizi wa Maktaba ya Watoto (Kumb. MW/07). Mwombaji awe na umri wa miaka 18 hadi 25; awe na cheti cha KCSE chenye gredi ya C au zaidi, na C+ au zaidi katika Kiswahili; awe na ujuzi wa kompyuta; awe amewahi kushughulika na watoto; awe tayari kufanya kazi siku za Jumamosi. Barua zimfikie Mkurugenzi, Maktaba ya Watoto, S.L.P. 234, Kisumu, kabla ya tarehe 30 Agosti 2024.

Shika penseli upige mstari chini ya kila kitu ambacho mwajiri *anadai*. Madai ni matano: umri, masomo, kompyuta, watoto, Jumamosi. Kisha uzungushie duara vitu ambavyo si madai lakini lazima vizingatiwe kwenye barua: jina kamili la kazi, nambari ya kumbukumbu, cheo cha anayeandikiwa, anwani yake, na tarehe ya mwisho. Nambari ya kumbukumbu husahaulika sana, ilhali mwajiri aliiweka ili aitafute kwenye kichwa cha barua.

Sasa jiulize: mwenye kuandika barua hii ni nani? Hapa ndipo watahiniwa wengi hujikwaa bila kujua. Mtu wa kidato cha nne anaandika anwani ya shule yake, halafu katika aya ya pili anasema ana cheti cha KCSE. Cheti hicho amekipata lini, naye bado yuko shuleni? Swali halikukuomba ujieleze wewe ulivyo leo. Limekupa nafasi ya mtu anayestahili kazi hiyo, nawe una ruhusa ya kumbuni, ili mradi maisha yake yasipingane. Ukisema ana miaka 20 mwaka 2024, alifanya KCSE mwaka 2022 akiwa na miaka 18. Ukisema ana uzoefu wa miaka kumi wa kufundisha watoto, alianza akiwa na miaka kumi, na mtahini atatabasamu huku akishusha alama.

Hivyo lile la kutowahi kuajiriwa halikufungi hata kidogo. Lakini usiruke upande wa pili ukabuni shahada tatu na miaka mingi katika mashirika ya kimataifa. Kazi ni ya msaidizi. Buni mtu wa kawaida aliyefanya vitu vidogo kwa mfululizo: alisimamia maktaba ya shule, alisomea kompyuta miezi mitatu, anafunza watoto kusoma mwishoni mwa juma. Vitu vidogo vina maelezo, na maelezo ndiyo yanayozaa maneno 400. Sentensi kama "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu" ina maneno saba na haiwezi kuendelezwa. "Nilikuwa nikiandikisha vitabu vilivyoazimwa" inaendelea yenyewe: vingapi, lini, shida gani ilitokea, uliitatua vipi.

Kabla ya barua yenyewe, muundo wa juu tuumalize upesi. Anwani yako hukaa kulia, na tarehe iko chini yake. Anwani ya unayemwandikia hukaa kushoto, ikianza chini ya mstari wa tarehe, na huanza kwa cheo chake. Jina lako halihitajiki juu, kwani litakuja chini ya sahihi. Kisha maamkizi, kisha kichwa kwa herufi kubwa. Ukipenda kupanga anwani kwa mtindo wa wima au wa mshazari ni sawa, lakini usianze moja kwa wima ukamalizia nyingine kwa mshazari.

```
                                      S.L.P. 678,
                                      AHERO.
                                      12 Agosti 2024.
MKURUGENZI,
MAKTABA YA WATOTO,
S.L.P. 234,
KISUMU.

Kwa Bw./Bi.,

KUH: OMBI LA KAZI YA MSAIDIZI WA MAKTABA YA WATOTO
     (KUMB. MW/07)
```

Tazama tarehe: 12 Agosti iko baada ya tangazo kutoka na kabla ya mwisho wa kupokea barua. Mtahiniwa anayeandika tarehe ya siku ya mtihani, tuseme mwezi Novemba, amemwomba kazi mtu aliyekwisha kuajiri. Nimeandika Bw./Bi. kwa kuwa tangazo halikusema mkurugenzi ni mwanamume au mwanamke. Badala ya KUH waweza kuandika MINT au YAH, zote hukubalika. Chagua moja tangu sasa usije ukasita katika chumba cha mtihani. (Wenzako wa Tanzania huenda wakaanza kwa "Ndugu" na kumaliza kwa "Wako mtiifu". Hayo ni mazoea ya kwao, nawe usiyachanganye na yetu katika barua moja.) Kichwa kipigiwe mstari chini yake.

Baada ya kichwa mwili huanza mara moja. Zile salamu sufufu kama mchanga wa bahari, na kumjulia mkurugenzi hali kama yu buheri wa afya, ziache katika barua ya kirafiki. Mwili wa barua hii, nikiufupisha kidogo kuliko maneno 400 unayodaiwa, ungekuwa hivi:

Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 20. Ninaandika kuomba kazi ya Msaidizi wa Maktaba ya Watoto iliyotangazwa gazetini tarehe 5 Agosti 2024. Nimelisoma tangazo hilo kwa makini na ninaamini kwamba ninayatimiza mahitaji yote yaliyotajwa.

Nilifanya mtihani wa KCSE mwaka 2022 nikapata gredi ya B-, na katika somo la Kiswahili nikapata B+. Katika miaka miwili ya mwisho shuleni nilichaguliwa kumsaidia mwalimu wa maktaba. Nilikuwa nikiandikisha vitabu vilivyoazimwa, kuwakumbusha wanafunzi waliochelewa kuvirudisha na kuvipanga upya rafuni kila Ijumaa jioni. Orodha ya vitabu wakati huo ilikuwa katika madaftari yaliyochakaa. Kwa ruhusa ya mwalimu, mimi na wenzangu wawili tuliiandika upya kwa kufuata mada, na tangu hapo kutafuta kitabu kukawa kazi ya muda mfupi.

Kazi hiyo ndiyo iliyonishawishi kusomea kompyuta. Baada ya kumaliza shule nilijiunga na chuo cha kiufundi kwa mafunzo ya miezi mitatu, nikafuzu mwezi Aprili mwaka 2023. Ninaweza kuchapa hati, kutayarisha majedwali na kuhifadhi kumbukumbu. Nikipata nafasi hii, nitautumia ujuzi huo kutunza orodha ya vitabu na ya watoto wanaoviazima.

Kuhusu kushughulika na watoto, tangu Juni 2023 nimekuwa nikiwafunza watoto wa gredi ya pili na ya tatu kusoma, kila Jumapili alasiri, katika ukumbi wa kijiji chetu. Watoto hao ni kumi na wanane. Nimetambua kwamba mtoto asiyependa kitabu huvutiwa kwanza na kusomewa. Kwa hivyo mimi huanza kila kipindi kwa hadithi fupi, kisha wao husoma kwa zamu. Nimezoea kuwatuliza wanaopiga kelele bila kuwakaripia, na kuzungumza na wazazi juu ya maendeleo ya watoto wao.

Niko tayari kufanya kazi siku za Jumamosi, kwa kuwa mafunzo ninayoyatoa ni ya Jumapili pekee. Ninaishi Ahero, na magari ya kwenda Kisumu huanza safari alfajiri. Kwa sababu hiyo nitaweza kufika kazini kwa wakati unaofaa kila siku.

Nimeambatanisha nakala za cheti cha KCSE, cheti cha kompyuta na kitambulisho changu, pamoja na barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu niliyemsaidia maktabani. Nitafurahi kuhudhuria mahojiano siku yoyote mtakayoipanga, nami ninapatikana kupitia anwani iliyo hapo juu. Nitashukuru sana ombi langu likizingatiwa.

Wako mwaminifu,

(sahihi)

AMANI BIDII.

Jina hilo ni la kubuni, nawe ubuni lako. Usiweke jina lako halisi wala la shule yako kwenye insha. Na pale nilipoandika "(sahihi)" wewe tia sahihi kweli. Kila mwaka kuna anayeliandika neno lenyewe ndani ya mabano kama lilivyo kitabuni.

Angalia jinsi mwili ulivyogawanyika. Madai ya tangazo yamejibiwa kwa mpangilio ule ule yaliyotajwa nao, kwa hiyo msomaji anayeshika tangazo mkono mmoja na barua mkono wa pili hapotei. Lakini aya hazilingani kwa urefu, wala hazipaswi kulingana. Umri umechukua sentensi moja tu, kwa sababu hakuna la kuongeza juu ya umri. Aya ya watoto na ile ya maktaba ndizo ndefu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe itakayofanywa. Mwanafunzi anayetumia mistari sita kueleza alivyozaliwa na wazazi wachamungu, kisha mistari miwili juu ya watoto, amejaza ukurasa lakini hajajibu tangazo. Kiwango chake hubaki C hata Kiswahili chake kiwe kitamu.

Aya ya Jumamosi ina funzo lake. "Niko tayari kufanya kazi Jumamosi" ni ahadi tupu, na kila mwombaji ataitoa. Nilipoongeza kwamba mafunzo yangu ni ya Jumapili, ahadi ikapata mguu wa kusimamia. Kama ningeandika hapo awali kwamba nafunza watoto kila Jumamosi, barua ingejipinga yenyewe. Hitilafu za namna hii huzaliwa mtu anapobuni akiwa anaandika, badala ya kubuni kwanza akapanga.

Hilo linatuleta kwenye muda. Karatasi hii hufanywa kwa saa 1¾, yaani dakika 105, na insha ni mbili zenye alama sawa. Ya kwanza, ambayo mara nyingi ndiyo ya uandishi rasmi kama huu, ni ya lazima. Barua isile zaidi ya dakika 50. Katika hizo, saba ni za tangazo: pigia madai mstari, zungushia duara yale mengine, kisha kando ya kila dai andika neno moja au mawili ya ushahidi, kama vile "maktaba ya shule, daftari" au "Jumapili, kusoma". Nne ni za anwani na kichwa. Thelathini na mbili ni za mwili, na zinatosha bila kukimbia ikiwa ushahidi umekwisha kupangwa, maana aya sita zinakupa dakika tano hivi kwa kila moja. Saba zilizobaki ni za kusoma ulichoandika. Anayeruka zile saba za mwanzo ili aanze kuandika upesi ndiye unayemwona dakika ya 40 ametulia akitazama dari, kwa kuwa anatafuta la kusema.

Usihesabu maneno moja moja chumbani. Hesabu maneno ya mistari mitatu ya mwandiko wako upate wastani wa mstari, kisha uzidishe kwa idadi ya mistari. Mwenye maneno tisa kwa mstari anahitaji mistari 45 hivi. Fanya hesabu hiyo nyumbani mara moja, nawe utajua barua yako inapaswa kuishia wapi kwenye ukurasa wa pili.

Katika zile dakika saba za mwisho usisome kwa kujifurahisha. Winda makosa machache yanayojulikana. La kwanza ni upatanisho kwenye virejeshi, kwa sababu barua hii imejaa: tangazo *lililochapishwa*, kazi *iliyotangazwa*, mahitaji *yaliyotajwa*, vitabu *vilivyoazimwa*, cheti *nilichokipata*. Soma kila kirejeshi pamoja na nomino yake. La pili ni lugha ya mazungumzo yetu ya kila siku, ambayo huteleza kalamuni bila kubisha hodi: "niko na cheti" badala ya "nina cheti", "hii kazi" badala ya "kazi hii", "nilifunza kwa hiyo shule" badala ya "katika shule hiyo". Tena angalia kama umeanza kwa "tangazo lenu" kisha ukahamia "ofisi yako". Unaandikia ofisi, basi shika wingi wa heshima hadi mwisho. Mwisho tazama vituo vya anwani, na mkato baada ya "Wako mwaminifu".

Kuhusu methali na tamathali, najua mmefundishwa kwamba insha bila methali haipandi. Katika barua rasmi msamiati mwafaka ndio mapambo. *Azima*, *kumbukumbu*, *ambatanisha*, *barua ya mapendekezo* na *mahojiano* vinamwonyesha mtahini kwamba una lugha ya ofisi. Methali moja ikitoshea mahali pake haina ubaya. Tatu zitaifanya barua isikike kama hotuba ya harusi.

Kuna namna moja ya swali hili ambayo hubadilisha hesabu yote: lile linalokuagiza uandike barua *na* uiambatanishe na tawasifukazi. Hapo kazi ni mbili ndani ya insha moja, nawe ukiandika moja tu umejibu nusu. Punguza barua ibaki na aya tatu au nne zinazotaja nafasi unayoomba na kukuza ushahidi wako mmoja au miwili yenye nguvu. Kisha anza ukurasa mpya wa tawasifukazi wenye vichwa vyake: maelezo ya kibinafsi, elimu, tajriba, uraibu, na wadhamini wawili pamoja na anwani zao. Huko usiandike kwa aya. Miaka ipangwe kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, na kila tarehe ilingane na ile uliyoitaja kwenye barua, kwa sababu mtahini huzifunua kurasa zote mbili kwa pamoja.